Taarifa ya uwezo wa kampuni: maana yake kwa mkandarasi mdogo, na namna inavyosomwa na ofisa ununuzi

Taarifa ya uwezo wa kampuni ni waraka mfupi, wa ukurasa mmoja au miwili, ambao mkandarasi humwonyesha mnunuzi ni kazi za aina gani anazoweza kuzifanya, amezifanya wapi na kwa ukubwa gani, na ana watu na mitambo gani ya kuzifanyia tena. Haipaswi kuchanganywa na wasifu wa kampuni, ambao husimulia historia, malengo na maadili ya kampuni kwa kurasa nyingi. Wala si mbadala wa fomu za zabuni, kwa sababu kamati ya tathmini hupima kila mwombaji kwa vigezo vilivyoandikwa katika nyaraka za zabuni, na jambo lililotakiwa kwenye fomu likikosekana huko, kwa kawaida taarifa hii haiwezi kuliokoa.

Ili kuelewa kwa nini taarifa nyingi hazisaidii, ni vyema kufikiria jinsi zinavyosomwa. Ofisa mwenye marundo ya maombi mezani hasomi kutoka mwanzo hadi mwisho. Anapitisha jicho akitafuta majibu ya maswali machache anayoyajua tayari: je, kampuni hii imesajiliwa katika daraja linalotakiwa na usajili wake bado ni hai, je, imewahi kufanya kazi inayofanana na hii kwa aina na kwa ukubwa, je, ina uwezo wa kuibeba kazi hii sasa, ikizingatiwa kazi nyingine ilizo nazo mkononi. Swali la kwanza hujibiwa kwa mstari mmoja wenye daraja, namba ya usajili na tarehe ya kuisha kwake. Kampuni nyingi ndogo huanguka katika swali la pili.

Tuchukue kampuni ya mfano, isiyokuwapo kweli, yenye wafanyakazi 9 wa kudumu, ambayo inaomba kazi ya kujenga mitaro ya maji ya mvua pamoja na makalavati mawili. Katika taarifa yake ya awali iliandika hivi: “Tuna uzoefu mkubwa katika ujenzi wa barabara, majengo, madaraja, miundombinu ya maji na kazi nyingine zote za kihandisi, na tumewahudumia wateja wengi kwa ubora wa hali ya juu.” Sentensi hiyo huenda isiwe na uongo wowote, lakini ofisa hana cha kuchukua ndani yake. Hakuna kipimo cha kulinganisha na kazi inayotangazwa, hakuna mteja wa kumuuliza, na orodha ndefu ya fani kutoka kwa watu 9 humtia shaka badala ya kumtuliza.

Kampuni hiyo ilikuwa na jambo la kusema, ila ililificha. Miaka miwili nyuma ilijenga mtaro, na maelezo ya kazi hiyo yakiandikwa kwa namna inayosomeka yatakuwa hivi: “Mtaro wa maji ya mvua, mawe na saruji, mita 640, upana wa chini sentimita 60, kina sentimita 80. Tulikuwa mkandarasi mkuu. Muda wa mkataba miezi 5. Ulikabidhiwa baada ya miezi 5 na wiki 2, kwa nyongeza ya muda iliyoidhinishwa na mteja ili bomba la maji lihamishwe. Cheti cha kukamilisha kazi: ukurasa wa 3.” Chini yake huwekwa thamani ya mkataba, mwaka, jina la mteja, na cheo na simu ya mtu anayeweza kuthibitisha.

Hapo ofisa anaweza kuweka alama ya ndiyo bila kukisia. Anayetafuta mtaro wa mita 800 anaona kwamba mita 640 ni kazi ya kiwango cha karibu, ingawa zikiwapo nyaraka zinazotaja kiwango cha chini kabisa, kiwango hicho ndicho kitakachoamua. Wiki mbili za kuchelewa nazo hazikufichwa, na nadhani hilo ni sahihi: ofisa akipiga simu kwa mteja atazisikia, na ni afadhali azikute zimeandikwa pamoja na sababu yake na idhini yake kuliko azigundue mwenyewe.

Maneno yanayotumika katika maelezo hayo yafuate maneno ya tangazo la zabuni. Tangazo likisema “kalavati”, taarifa isiseme “daraja dogo”, hata kama mafundi wako huliita hivyo, kwa sababu msomaji mwenye haraka anatafuta neno aliloliandika mwenyewe, na mtu wa ununuzi si lazima awe mhandisi wa kujua kwamba vitu hivyo viwili vinakaribiana. Kwa sababu hiyo hiyo, kazi inayofanana zaidi na inayoombwa hutangulia, hata kama si mpya kuliko zote wala si kubwa kuliko zote. Kampuni yetu ya mfano ilikuwa imeweka juu kabisa ukuta wa uzio wa shule, kwa kuwa ulikuwa mkataba wake wa karibuni. Mtaro ulikuwa mstari wa sita, mahali ambapo jicho huenda lisifike.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni kazi iliyofanywa chini ya mkandarasi mwingine. Kampuni hiyo iliwahi kushiriki katika ujenzi wa daraja, ambapo ilisuka nondo, ikafunga mbao na kumwaga zege la kuta za pembeni tu. Kuandika “ujenzi wa daraja” pamoja na thamani ya mkataba wote ni kupotosha, na mteja akiulizwa huenda asilione jina la kampuni hiyo katika kumbukumbu zake. Chini ya kanuni za ununuzi za Benki ya Dunia, kwa mfano, kupotosha ukweli kwa makusudi ili kupata faida huhesabiwa kuwa ni udanganyifu, na kampuni inaweza kufungiwa kushiriki zabuni. Maandishi sahihi yataje kwamba ilikuwa mkandarasi msaidizi, yaeleze ni sehemu gani iliifanya, kwa mita za ujazo za zege na kwa thamani ya mkataba wake yenyewe, na yaambatishwe na barua ya mkandarasi mkuu. Uzoefu huo ni mdogo kuliko daraja zima, lakini kwa mtu anayetafuta mjenzi wa makalavati, nondo na zege la kuta ndivyo hasa anavyovihitaji.

Swali la tatu, la uwezo wa sasa, hujibiwa kwa maelezo mafupi. Mashine ya kuchanganyia zege na kompakta ziandikwe kuwa ni za kampuni, na eskaveta iandikwe kuwa ni ya kukodi, ikiwa ndivyo ilivyo, pamoja na barua ya mwenye mtambo anayekubali kuukodisha. Kazi zilizo mkononi zitajwe pamoja na mwezi zinapotarajiwa kukamilika, ili ionekane kwamba mhandisi na msimamizi wa kazi hawatahitajika sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuituma, mpe taarifa mtu asiyehusika na ujenzi, aisome kwa dakika moja, kisha uichukue. Muulize kampuni inajenga nini, kazi kubwa inayofanana na hii ilikuwa na ukubwa gani, na nani apigiwe simu kuithibitisha. Jibu analolikosa ndilo linalopaswa kusogezwa juu au kuandikwa upya.