Mayai ya kuuza: acha kuyaosha kwenye beseni

Swali: Nesi, wateja wangu wa soko la Majengo wanataka yai linalong'aa. Nisipoyaosha nitauzaje?

Jibu: Uza yai lililotoka safi kiotani, ndugu yangu, siyo lililooshwa. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Yai linapotagwa huwa limeshapakwa utando mwembamba unaoviziba. Ukilisugua kwa maji, utando unatoka na vitundu vinabaki wazi.

Kibaya zaidi ni maji ya baridi. Yai linatoka kwa kuku likiwa na joto la mwili wake, kama nyuzi 41, na kwa jua letu la Oktoba halipoi upesi. Ukilitumbukiza kwenye maji yaliyolala ndooni usiku kucha, vilivyomo ndani vinasinyaa, na yai linavuta maji kupitia vile vitundu kama bomba la sindano linavyovuta dawa. Kama maji yana kinyesi, linavuta na kinyesi. Humo ndimo anamokaa salmonela, bakteria anayeharisha watu, na kuku anaweza kuwa naye huku anakula na kutaga vizuri tu.

Swali: Nikitia sabuni kidogo au jiki je?

Jibu: Hapana. Sabuni inaondoa utando upesi zaidi, na jiki ya kukisia kwa kifuniko haiui kitu kwenye maji yaliyojaa kinyesi. Usiloweke mayai ya kuuza. Siyo kwa sabuni, siyo kwa jiki, siyo kwa chumvi.

Swali: Mimi naosha machafu tu pamoja na mengine machache. Yatadhuru nini?

Jibu: Nikueleze ya mama mmoja wa upande wa Bahi. Alikuwa na trei moja, mayai 30, na matatu tu ndiyo yalikuwa na kinyesi. Akayatia yote kwenye beseni moja, akayasugua kwa kitambaa kilekile, akayapanga yangali na unyevu, akafunika kwa nailoni. Siku chache baadaye wateja walianza kurudisha mayai: ukilipasua, ute ni majimaji kabisa, kiini kinatawanyika, mengine yana harufu. Matatu yaliyachafua ishirini na saba yaliyokuwa salama. Angeyatoa yale matatu pembeni, angepoteza matatu.

Swali: Basi lile chafu nilifanyeje?

Jibu: Vumbi au kinyesi kidogo kilichokauka, kifute kwa kitambaa kikavu au kikwangue taratibu kwa msasa laini, kisha weka. Lililopakaa kinyesi kibichi au damu lisiende sokoni. Lisafishe kwa maji ya uvuguvugu yanayomiminika, yaliyo na joto kuliko yai lenyewe, likaushe, na ulipike siku hiyohiyo mpaka kiini kigande. Maji yenye joto hayavutwi ndani kama ya baridi. Hiyo ni kwa ajili ya jikoni kwako, narudia, siyo ya sokoni.

Lakini mayai yakiwa machafu kila siku, shida ni banda. Kuku watano wanatosha kiota kimoja. Weka maranda au majani makavu, na ubadilishe yakilowa. Funga viota jioni kuku wasilale humo, maana anayelala kiotani ananya kiotani. Kuku wengi hutaga kabla ya mchana, kwa hiyo okota saa nne asubuhi, saa saba, na tena jioni. Yai lililosubiri mpaka magharibi limeshakanyagwa, na kama jogoo yupo, joto la mchana linatosha kuanzisha kifaranga ndani.

Okotea kwenye trei. Nawaona wengi wanaokotea kwenye ndoo ya lita 20. Ya chini yanabeba uzito wa yote na yanapata nyufa usizoziona.

Swali: Sina friji. Yatakaa siku ngapi?

Jibu: Wiki moja, ukiyaweka vizuri. Kitu unachopigana nacho ni joto, pamoja na hewa yetu kavu inayonyonya maji ya yai. Chumba cha tembe, chenye kuta nene za udongo, kinakaa baridi kuliko cha bati. Kama unacho, ndicho kiwe stoo. Weka trei mbali na dirisha na mbali na jiko, upande butu wa yai ukiangalia juu, kwa sababu huko ndiko kuna kijichumba cha hewa na kiini kinabaki katikati. Usiweke karibu na mafuta ya taa, vitunguu au dagaa. Harufu inapita kwenye vitundu vilevile. Andika tarehe kwenye kila trei, ya zamani itoke kwanza.

Na trei za karatasi zilizomwagikiwa ute ukakauka, zichome. Watu wanazizungusha kutoka banda hadi banda mpaka zinanuka.

Swali: Mteja anataka nimthibitishie kuwa ni mapya, anayatumbukiza kwenye maji.

Jibu: Mkatalie kwa adabu. Ni kweli yai jipya huzama na kulala, la zamani husimama au kuelea. Lakini ndoo ile imeshapokea mayai ya wauzaji kumi, na maji yake ni ya baridi. Ni beseni lilelile kwa jina lingine. Ingia kivulini, weka tochi ya simu kwenye upande butu, mwonyeshe kijichumba cha hewa. Kikiwa chembamba, yai ni jipya. Kikizidi unene wa penseli, limekaa.

Tochi hiyohiyo ndiyo ya kuchambulia. Ufa unaonekana kama uzi unaong'aa. Ukiwa na shaka, gonganisha mayai mawili taratibu: mazima yanalia kwa sauti kali, lenye ufa linatoa sauti butu. Ukishaondoa yenye nyufa, yenye damu na yenye ganda laini, ndipo panga kwa ukubwa, makubwa trei yao na madogo yao.

Swali: Yenye ufa namuuzia wa chipsi kwa bei ya chini. Si anayapika?

Jibu: Anayapika nusu, na wewe unajua. Chipsi mayai ya haraka mara nyingi huwa na ute bado unateleza katikati. Yai lililopasuka halina mlango wa kuzuia chochote. Mayai yenye ufa yasiuzwe. Lililopasuka leo likiwa safi, lipike nyumbani leo mpaka ligande. Lililopasuka jana, tupa.

Swali: Mtoto anaharisha tangu juzi baada ya kula yai. Nimempa vidonge vya rangi mbili kutoka dukani, nisubiri?

Jibu: Usisubiri, mlete. Dalili za salmonela huanza kati ya saa 6 na siku 3: kuhara, homa, tumbo kusokota, kutapika. Kinachomuua mtoto ni kukaukiwa maji, na vidonge vile havirudishi maji. Koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mpe kidogokidogo ukiwa njiani, na anayenyonya aendelee kunyonya. Akiwa na damu kwenye choo, macho yameingia ndani, hakojoi, au amelegea asiweze kunywa, njoo hata kama ni usiku. Zahanati utapewa na zinki, ambayo ataendelea nayo siku 10 hata kuhara kukikoma. Na hivyo vidonge vilivyobaki, njoo navyo tuvione.