Meseji siyo pesa: maneno kwa wanakikundi kabla kisanduku hakijafunguliwa

Ndugu mwenyekiti, mama mweka hazina, wanakikundi wote, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa niseme kuhusu kutuma na kupokea pesa kwa simu, nami nitashika jambo moja kwa sababu ndilo linaloumiza vikundi. Kisanduku chenu kina funguo tatu, zinashikwa na watu watatu tofauti, na hakifunguki mpaka wote wawepo. Lakini michango ya wiki sasa inapita kwenye laini ya mweka hazina, na laini hiyo inafunguliwa na namba ya siri ya mtu mmoja, mara nyingi akiwa sokoni au jikoni. Tapeli anamsubiri huko.

Tuchukue mfano. Ni Ijumaa mchana, na kwenye laini ya mweka hazina mna Sh 312,000 za hisa. Meseji inaingia: "Imethibitishwa. Umepokea Sh 120,000. Salio lako jipya ni Sh 187,500." Dakika mbili baadaye simu inaita, sauti inatetemeka: "Mama, nimekosea namba, hiyo ni hela ya hospitali, mtoto amelazwa, nirudishie." Mama ana huruma, anatuma. Zimetoka Sh 120,000 za kikundi pamoja na makato, na hakuna hata senti iliyokuwa imeingia.

Rudini kwenye meseji ile. Alikuwa na 312,000. Akipokea 120,000 anapaswa kuwa na 432,000. Tapeli hajui salio lako, kwa hiyo amebuni. Ukitazama aliyeituma, mara nyingi utakuta namba ya kawaida ya simu, siyo jina la huduma unayoitumia kila siku. Ila msitegemee macho peke yake, maana wapo wanaoigiza vizuri sana. Piga menyu mwenyewe, *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, uangalie salio. Kama bado ni 312,000, hakuna aliyekutumia kitu, hata alie namna gani.

Na kama salio limeongezeka kweli? Hapa wengi hukosea kwa wema. Msirudishe wenyewe, hasa kwenye namba nyingine anayokutajia. Inawezekana pesa hiyo imetoka kwa mtu wa tatu aliyetapeliwa. Ukiipeleka unakoelekezwa, kisha mwenyewe akalalamika kwa mtandao wake, muamala unaweza kurudishwa kutoka kwenye salio lako, nawe umelipa mara mbili. Mwambie: "Piga huduma kwa wateja, namba 100, waombe waurudishe muamala." Wewe usiitoe wala usiitumie mpaka limalizike. Mwenye haki hapotezi chochote kwa njia hiyo, na tapeli hukata simu.

Ukikosea wewe, piga 100 papo hapo. Mtandao unaweza kuzuia pesa ambayo bado imo kwenye salio la aliyeipokea. Ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni kazi ngumu mno. Ndiyo maana nasisitiza jina. Kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Wengi tunalipita kwa sababu vidole vimezoea. Simama hapo, lisome. Si lenyewe? Ghairi.

Ile meseji ya "mchango tuma kwenye namba hii, simu yangu imeharibika" mnaijua. Dawa yake iwe ya kikundi: namba ya mweka hazina, na jina linalotokea mtu akituma, viandikwe kwenye kijitabu cha kila mwanachama. Namba ikibadilika, itangazwe kwenye kikao, isitangazwe kwa meseji. Na mkopo unaotumwa kwa simu utumwe hapa hapa mkiwa mmekaa, katibu akisoma jina kwa sauti kabla mweka hazina hajaweka namba yake ya siri. Namba ya siri yenyewe haitajwi, hata kwa anayejitambulisha kuwa ni wa mtandao.

Meseji ya utapeli ikikufikia, usiifute kwanza. Itume kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kupokea taarifa hizo, ufuate maelekezo utakayorudishiwa. Ukipiga *106# utaona pia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao huo waifute, maana matapeli hupenda laini zenye majina ya watu wengine.

Sasa toeni vijitabu vyenu. Mama mweka hazina atataja namba yake taratibu, kila mtu aandike, na katibu atapita kukagua kabla funguo hazijaletwa.