Jedwali la utahini: maksi 50 zigawe kabla hujaandika hata swali moja

Walimu wengi tunaokutana nao kwenye kazi yetu ya upimaji jedwali la utahini, yaani lile linaloonyesha kila mada na kila ngazi ya kufikiri inapata maksi ngapi kwenye mtihani, wanalijaza mwisho, mtihani ukishachapwa, ili faili likae sawa. Likijazwa hivyo halisaidii kitu, kwa sababu kazi yake ni kukubana kabla hujaanza kutunga, usije ukajikuta umetunga maswali mengi ya ile mada unayoipenda wewe au ile ambayo maswali yake ni rahisi kutunga.

Tuchukue mtihani wa fizikia wa mwisho wa muhula, maksi 50. Fungua kumbukumbu za kazi uhesabu vipindi ulivyofundisha kweli, siyo vile ulivyopanga mwanzo wa muhula. Tuseme umeme ulikula vipindi 16, joto 12, mwanga 8, sumaku 4, jumla 40. Umeme ni 16 kwa 40, yaani asilimia 40, kwa hiyo unapata maksi 20. Kwa hesabu hiyohiyo joto linapata 15, mwanga 10, sumaku 5. Halafu ndo unaamua ngazi za kufikiri. Mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956 walizipanga sita, lakini kwa mtihani wa darasani mimi nashauri uzibane ziwe tatu tu: kukumbuka na kuelewa, kutumia, halafu kuchambua na kwenda juu. Hapa tuzipe asilimia 40, 40 na 20, yaani maksi 20, 20 na 10.

Ukizidisha kila mada kwa asilimia hizo, sumaku inakuja 2, 2 na 1. Sasa swali la kuchambua la maksi moja litakuwaje? Halitungiki vizuri, mwanafunzi hana nafasi ya kuonyesha alivyofikiri. Kwa hiyo ile maksi moja ihamishie kwenye kuchambua kwa umeme, na umeme nao uirudishie sumaku maksi moja ya kukumbuka. Jumla zote zinabaki vilevile:

| Mada | Kukumbuka na kuelewa | Kutumia | Kuchambua | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Umeme | 7 | 8 | 5 | 20 |
| Joto | 6 | 6 | 3 | 15 |
| Mwanga | 4 | 4 | 2 | 10 |
| Sumaku | 3 | 2 | 0 | 5 |
| Jumla | 20 | 20 | 10 | 50 |

Hiyo sifuri isikutishe. Siyo lazima kila kisanduku kijae, cha msingi uwe umeiacha kwa kuamua.

Sasa tuje kwenye kisanduku cha umeme na kuchambua, maksi 5, maana hapa ndo watu wanateleza sana. Mwalimu anaandika "Eleza kwa nini balbu moja ikiungua kwenye saketi sambamba nyingine inaendelea kuwaka", anaona neno eleza na kwa nini, anasema hili ni la kuchambua. Lakini kama jibu lake lilikuwa ubaoni wiki iliyopita na wanafunzi wamelinakili, hilo ni la kukumbuka tu, kitenzi hakibadilishi kitu. Ngazi ya swali inategemea mwanafunzi ameshakutana na nini kabla.

Linganisha na hili: balbu mbili zimeungwa sambamba kwenye betri, ameta ya njia kuu inasoma ampea 0.6, balbu ya kwanza ikitolewa ameta inasoma 0.2, balbu ipi ina ukinzani mkubwa na umejuaje? Hapo mwanafunzi inabidi ang'amue kwamba balbu iliyotolewa ilikuwa inapitisha 0.4, kwamba iliyobaki inapitisha 0.2 tu kwa volti zilezile, basi iliyobaki ndo yenye ukinzani mkubwa. Kama hajawahi kufanyishwa swali la namna hiyo, hapo anachambua kweli.

Ila hata swali zuri linaweza kuharibikia kwenye mwongozo wa kusahihishia. Ukilipa swali hilo maksi 5 halafu 2 ukazitoa kwa kutaja maana ya saketi sambamba na 1 kwa kuandika kizio, umebakiwa na kuchambua kwa maksi 2 wakati jedwali linasema 5. Kwa hiyo ngazi usihesabu kwa swali, hesabu kwa kila maksi.

Namna ya kuhakiki ni hii: mpe mwalimu mwenzako anayelijua hilo darasa mtihani pamoja na mwongozo, jedwali lako usimwonyeshe, mwombe aandike pembeni ya kila maksi ni ngazi gani. Ukijumlisha, tofauti ya maksi moja au mbili kwenye safu ni kawaida, watu hawakubaliani kila mahali. Lakini kama safu yako ya kuchambua ya 10 kwake imetoka 4 na kukumbuka kumepanda hadi 26, usirekebishe jedwali lifanane na mtihani, rudi kwenye maswali yenyewe uyatunge upya.