Bei kwa tarakimu, watu kwa maneno

“Tulifundishwa kwamba namba chini ya kumi huandikwa kwa maneno. Je, hata kwenye kichwa cha habari?”

Kanuni hiyo ni desturi ya wahariri kwa maandishi ya mfululizo, na hata huko haigusi bei, vipimo wala miaka. Kichwa kama “Unga kilo 2 wauzwa Sh4,000” ni sahihi kabisa, na mwaka 1964 ukiandikwa kwa maneno humaliza nafasi yote ya kichwa.

Katika bei, Kiswahili kina sababu yake yenyewe, nayo ni nzito: “elfu kumi na tano” yaweza kusomwa 15,000 au 10,005, kwa kuwa “na” haionyeshi kama tano inahesabu maelfu au inaongezwa juu yake. Sh15,000 huondoa shaka hiyo. Kiasi kikubwa huchanganywa vizuri: “Sh2.5 milioni”.

Neno hushinda pale linapobeba upatanisho wa kisarufi. “Wawili wakamatwa Moshi” hueleweka kuwa ni watu, kwa sababu ya kiambishi wa-, ilhali “2 wakamatwa Moshi” humlazimu msomaji kusubiri kitenzi.