Namba unayo, kitambulisho unacho, na bado wanyimwa pesa: dhana potofu kuhusu jina lisilolingana

Hapa Mombasa nyumba nyingi zina mtu Saudia, Katari, Omani au Dubai, na mwisho wa mwezi wazee wetu wanapanga foleni kwenye mabenki na maduka ya kubadilisha pesa kungojea walichotumiwa. Na kila mara utamuona mama amerudishwa kaunta ati jina halilingani, anatoka hapo machozi yanamlenga kwa sababu anaamini pesa ya mwanawe imeliwa. Haijaliwa. Lakini mambo tunayoambiana mtaani kuhusu hii shida mengi si kweli, na ndiyo yanafanya jambo la siku moja liwe la wiki mbili.

Dhana ya kwanza, na ndiyo kubwa: "Mwenye namba ndiye mwenye pesa."

Hapana. Ile namba unayotumiwa kwenye WhatsApp, kwa Western Union ni MTCN ya tarakimu 10 na kwa MoneyGram ni ya tarakimu 8, kazi yake ni kufungua ile rekodi kwenye kompyuta ya ajenti, basi. Ikishafunguka ajenti anaona jina la mtumaji, nchi ilikotoka, kiasi, na jina la mpokeaji vile mtumaji alivyoliandika, halafu anachukua kitambulisho chako anaweka kando ya skrini anasoma. Kinachokupa haki ya kuchukua ni jina. Na fikiria mwenyewe, hiyo namba imepigwa skrinshoti, imetumwa kwa dada, dada kamtumia kaka, kaka kamtumia boda amwambie mama, ingekuwa namba peke yake inatosha yeyote kati ya hao angeenda akachukua. Tena kuna sheria, ile ya kuzuia pesa chafu ya mwaka 2009, inayomlazimu anayelipa pesa amtambue anayemlipa kwa hati ya serikali. Kwa hiyo ajenti akikuuliza kitambulisho na kukisoma herufi kwa herufi hakudharau, anafanya kazi aliyowekewa.

Na hapa ndipo ile nyingine inapoingia: "Huyu ajenti ana roho mbaya, si abonyeze tu arekebishe."

Hawezi. Skrini yake inampa kutafuta, kusoma na kulipa, sehemu ya jina haiandikiki upande wake kwa sababu lile jina ni maagizo ya aliyetoa pesa. Akiamua kukuonea huruma akalipa jina lisilolingana, halafu mtumaji alalamike kwamba pesa ilichukuliwa na mtu mwingine, kampuni inaweza kumdai ajenti alipe kwa mfuko wake. Nawasihi sana, tusiwatukane hawa vijana na kina dada wa kaunta. Muulize kitu kimoja tu, tena kwa upole: "Jina lililoko hapo limeandikwaje, na ni wapi halilingani?" Wengine hawaruhusiwi kukusomea jina lote lakini atakwambia angalau kama shida ni jina la kwanza au la mwisho, na hilo ndilo unalolihitaji kumwambia aliyetuma.

Wacha nichukue mfano mmoja niutembeze mpaka mwisho, ni wa kubuni lakini ndivyo mambo yanavyokwenda. Mama wa Likoni, kitambulisho chake chasema MWANAISHA OMARI JUMA. Mtaani wamwita Bi Aisha. Binti yake anafanya kazi ya nyumba Riyadhi, ametuma riali 800, na jina aliloandika ni AISHA OMAR. Mama amevuka feri mpaka mjini, kafika kaunta, karudishwa.

Sasa watu watamwambia "ni herufi moja tu, si kitu". Ukitazama vizuri hapo kuna tofauti tatu na hazina uzito sawa. OMAR na OMARI ni tahajia, herufi moja imekosekana, hiyo kampuni nyingi hurekebisha bila shida. JUMA halikuandikwa kabisa, na hapo kila kampuni ina msimamo wake, wapo wanaokubali majina mawili kati ya matatu bora yameandikwa sawasawa, na wapo wanaotaka lile la mwisho liwepo lazima. Lakini AISHA na MWANAISHA, sisi hapa twajua ni mtu mmoja, hata mtoto wa Likoni anajua, ila kwa mtu wa kampuni aliyekaa huko mbali hayo ni majina mawili tofauti, na kubadilisha moja kuwa jingine kwake ni kama kubadilisha mpokeaji. Ndiyo maana wengine wakipiga simu warekebishiwe wanaambiwa hapana, futa hiyo utume upya. Si ubaya, wanaogopa mtu aliyeiba simu ya mtumaji asijebadilisha jina akaweka lake.

Na haya majina yetu ya Pwani yana balaa yake. Fatuma, Fatma, Fatima. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Hamisi na Khamis, Hadija na Khadija, Swaleh na Saleh. Mtu akienda kutuma kwenye ofisi huko Uarabuni akalitaja jina kwa mdomo, karani analiandika vile masikio yake yamezoea, na Fatuma kwake ni Fatima, hata hamuulizi. Kwa hiyo kosa mara nyingi si la binti hata kidogo. Aombe aliandike mwenyewe, au amuonyeshe karani jina limeandikwa kwenye simu, halafu asome risiti kabla hajaondoka pale dirishani, mana akiwa bado amesimama hapo kurekebisha ni rahisi zaidi.

Turudi kwa mama. Jirani anamwambia "nenda kwa wakili ukale kiapo kwamba Aisha na Mwanaisha ni mtu mmoja", mwingine anamwambia barua ya chifu, mwingine cheti cha kuzaliwa. Hii dhana imewala watu pesa. Kiapo kina kazi zake, kwenye mirathi, kwenye vyeti vya shule, kwenye kurekebisha kitambulisho chenyewe, lakini kaunta wanataka hati ya serikali yenye picha, ile halisi na si kopi, na jina lililoko kwenye hati hiyo liwe ndilo lililoko kwenye skrini. Kiapo hakibadilishi skrini. Hata ile karatasi ya kungojea kitambulisho kipya kwa kawaida hawaikubali, kama una pasipoti ambayo haijaisha tumia hiyo, na jina la kutuma liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Wala usikimbilie kubadilisha kitambulisho kifuate kosa la mtumaji! Utajikuta benki jina hili, laini ya simu jina lile.

"Basi nitapiga simu kampuni mwenyewe niwaelezee." Unaweza kupiga, na wanaweza kukwambia pesa iko na bado haijachukuliwa, lakini jina hawatabadilisha kwa maneno ya mpokeaji. Mkataba ni wa kampuni na aliyetoa pesa. Wa kurekebisha ni binti. Kama alituma kwa apu, aingie kwenye historia ya alizotuma, afungue hiyo, atazame kama kuna sehemu ya kuhariri jina la mpokeaji. Kama alitumia ofisi, arudi na risiti na ikama yake, yaani kibali cha ukaazi cha huko, au apige namba ya huduma iliyoandikwa kwenye risiti, atathibitishwa kwa kuulizwa namba ya muamala, kiasi, na jina lake yeye lilivyo kwenye ikama. Hapo ndipo ugumu wenyewe, kwa sababu binti wa kazi ya nyumba hatoki siku anayotaka, wengine ni mpaka Ijumaa na wengine hata Ijumaa hawapewi, kwa hiyo simu ndiyo njia yake na mama inabidi awe na subira naye, asimpigie kila saa akiwa kazini.

Kwenye huo mfano wetu binti aombe kwanza jina lirekebishwe liwe MWANAISHA OMARI JUMA. Wakikubali vizuri. Wakikataa kwa sababu ya hilo la kwanza, aombe muamala ufutwe arudishiwe, halafu atume upya. Wengi wanaogopa kufuta kwa sababu wamesikia "ukifuta pesa inapotea". Pesa ambayo haijachukuliwa bado ni ya mtumaji, kiasi alichotuma anarudishiwa. Ada ndiyo ya kuuliza, kuna kampuni hurudisha na kuna zisizorudisha, na akituma upya shilingi itahesabiwa kwa bei ya siku hiyo, inaweza kupanda au kushuka kidogo. Ila wasiiache tu ikae miezi, miamala ina muda wake na ukipita inafungwa, na kuifungua ni usumbufu mwingine.

Baada ya kurekebisha kuna kosa watu hufanya, mama anaambiwa "tayari" anakimbia feri na ile namba ya zamani. Wakati mwingine namba hubadilika. Binti atume risiti mpya, mama au mjukuu aweke kitambulisho kando aisome herufi moja moja, M-W-A-N-A-I-S-H-A, mpaka mwisho, hapo ndipo avuke. Na ajue pia jina la binti lilivyoandikwa kwenye ikama, kwa sababu kaunta wataliuliza, na nyumbani anaitwa Zuu lakini huko ni Zuhura na majina mengine mawili nyuma yake, ukijibu "Zuu" utatiliwa shaka bure.

Kuna moja imebaki, na hii inaniuma kwa kweli. "Weka jina la kijana wa dukani, yeye kitambulisho chake hakina shida, atamchukulia mama." Mkifanya hivyo, kwenye karatasi mpokeaji ni huyo kijana. Akichukua akasema hajapata, kampuni haina la kuwafanyia, imelipa jina iliyoambiwa ilipe kwa kitambulisho kilicholingana. Kama mama hawezi kufika kaunta, mgonjwa au miguu inamuuma, andika jina la mtoto wake au mtu wa nyumba mnayemuamini, majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho chake, na umpelekee mtumaji hayo majina kwa maandishi, si kwa sauti, wala usimtumie picha ya kitambulisho pamoja na namba ya muamala kwenye grupu la familia lenye watu hamsini.