NaOH iliyokaa kwenye chupa: dhana potofu kuhusu kabonati na kiashiria

Msimu wa praktiko unapokaribia, mabishano yale yale huzuka kwenye maabara za shule, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru. Chupa ya sodiamu haidroksaidi iliyoandaliwa mwanzo wa muhula inatolewa kabatini, mmoja anasema bado iko sawa, mwingine anasema imwagwe. Mara nyingi kila mmoja ana majibu ya kuonyesha, na majibu yote mawili ni ya kweli.

Dhana: NaOH ikikaa hupungua nguvu, basi.

Ukweli ni kwamba jibu linategemea kiashiria. NaOH hunyonya kaboni dioksaidi kutoka hewani hivi:

2NaOH + CO2 → Na2CO3 + H2O

Moli mbili za NaOH zinapotea na moli moja ya kabonati inapatikana. Lakini kabonati nayo ni alkali, na hupokea asidi kwa hatua mbili: kwanza inageuka baikabonati, kisha baikabonati inageuka kaboni dioksaidi na maji. Fenolfthaleini hupoteza rangi yake ya waridi pH ikikaribia 8.3, wakati kabonati imemaliza hatua ya kwanza tu. Methili oranji haibadiliki mpaka pH ishuke karibu na 4, hatua zote mbili zikiwa zimekwisha. Kwa hiyo methili oranji inahesabu alkali yote kana kwamba hakuna kilichotokea, ilhali fenolfthaleini inaacha nusu ya kabonati nje ya hesabu.

Tuchukue myeyusho uliokuwa 0.100 M, na kila lita yake imenyonya moli 0.002 za kaboni dioksaidi. NaOH iliyobaki ni 0.096 M, na kabonati ni 0.002 M. Pima mililita 25 kwa pipeti, weka asidi ya haidrokloriki ya 0.100 M kwenye bureti. Kwa methili oranji utatumia mililita 25.00. Kwa fenolfthaleini, 24.50. Hakuna aliyekosea kusoma bureti.

Tofauti hiyo ndiyo kipimo rahisi kabisa cha kujua hali ya chupa yako. Tone moja la tofauti lisikutie hofu, maana methili oranji yenyewe huhitaji asidi kidogo ya ziada ili kufikia pH 4. Nusu mililita ni jambo jingine.

Dhana: Nikishapima upya nguvu ya NaOH, kabonati haina madhara tena.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu wanaoiamini ni watu makini. Tuseme mwalimu amepima chupa ile kwa asidi ya haidrokloriki na methili oranji, akaandika 0.100 M. Sasa wanafunzi wanapima siki. Asidi ya siki ni dhaifu, kwa hiyo lazima watumie fenolfthaleini, na kwa kiashiria hicho myeyusho ule una nguvu ya 0.098 M tu. Siki yenye gramu 50 za asidi kwa lita, ikizimuliwa mara kumi, mililita 25 zake zitahitaji takriban mililita 21.25 za NaOH. Wakipiga hesabu kwa 0.100 watapata gramu 51. Ni kosa la asilimia 2, na darasa zima litalipata kwa pamoja, kwa hiyo majibu yanayolingana hayatalifichua.

Dalili yake ipo, lakini. Karibu na mwisho wa titresheni, waridi hutokea kisha hufifia baada ya sekunde chache, kwa kuwa kaboni dioksaidi iliyotoka kwenye kabonati humenyuka polepole na NaOH. Mwanafunzi anaongeza tone, linafifia tena.

Dawa ni kupima nguvu kwa kiashiria kile kile kitakachotumika kazini. Haidrojeni fthalati ya potasiamu pamoja na fenolfthaleini inafaa sana kwa kazi ya siki.

Dhana: Ni ile hewa iliyobaki kwenye chupa nusu tupu.

Lita nzima ya hewa ina kama mililita 0.4 tu za kaboni dioksaidi. Chupa iliyofungwa vizuri haiwezi kuharibika kwa kiasi hicho. Wa kushtakiwa ni kifuniko kilicholegea kwa wiki kadhaa, maji ambayo hayakuchemshwa, na vidonge vyenyewe, ambavyo huwa na kabonati juu yake hata kabla ya kuyeyushwa. Unyevu wa Kisumu huvilowesha mara kopo linapofunguliwa.

Mwenye nafasi aandae kwanza NaOH nzito ya asilimia 50 kwa uzito, kwenye chupa ya plastiki, kwa tahadhari maana huchemka na kuunguza. Kabonati haiyeyuki humo. Iache itue kwa siku kadhaa, vuta sehemu angavu ya juu kwa pipeti yenye balbu, kisha zimua kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yakiwa yamefunikwa. Kwenye lebo, andika nguvu, tarehe, na kiashiria kilichotumika kuipima.