Ujuzi wa miezi mitatu: kutunza hesabu za kikoba kwenye Google Sheets

Vijana wanaokuja kwetu chuoni kuuliza wajifunze nini mtandaoni huja na orodha mkononi: kutengeneza programu za simu, usanifu wa picha, kuhariri video, masoko ya kidijitali. Kabla ya kuitazama orodha hiyo huwa namuuliza kila mmoja swali hili: ndani ya nauli moja ya daladala kutoka kwenu, ni nani leo anahangaika na jambo ambalo ujuzi huo ungelimaliza, na hela ya kumlipa mtu anayo? Anayetaka kutengeneza programu za simu mara nyingi hunyamaza. Si kwamba kazi hiyo haina soko, ila miezi mitatu humfikisha mtu kwenye kuandika programu ya mazoezi, na mteja hanunui zoezi. Usanifu wa picha unajifunzika haraka zaidi, lakini mtaa mmoja una wasanifu wanne na kila mmoja anapunguza bei.

Jibu ninalolitoa mara nyingi ni hesabu za kwenye jedwali la kompyuta, zile ambazo wengi wetu tunaziita Ekseli. Na hata hapo nambana mwanafunzi zaidi. Asijifunze "Ekseli" yote, ajifunze kumtunzia hesabu mteja wa aina moja. Hapa nitazungumzia kikoba, kwa sababu ndicho kilicho karibu na wengi. Akina mama wa mtaani kwenu wanacho, walimu wa shule ya jirani wanacho, bodaboda wa kijiweni wanacho. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi kuwa daraja la nne la watoa huduma hizo, kwa hiyo kitabu kilichochakaa hakitoshi tena kwa kikundi kinachotaka kusajiliwa na kuaminika.

Gharama ya kuanza ni ndogo. Google Sheets ni bure kwa mwenye akaunti ya Gmail. LibreOffice Calc nayo ni bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila mtandao. Masomo yapo kwenye edu.gcfglobal.org, bila ada, kwa Kiingereza chepesi, na mengi yameandikwa kwa hatua fupi zenye picha. Nawashauri wasome maandishi kwanza na video waiache kwa pale walipokwama, bando linadumu zaidi. Simu inatosha kuangalia hesabu, lakini kuingiza mistari elfu moja kwa kidole gumba ni mateso na makosa yanakuwa mengi. Usiye na kompyuta, kodi saa chache kwa wiki mahali zinapokodishwa.

Panga saa 5 kwa wiki kwa wiki 12, yaani saa 60. Wiki tatu za mwanzo usiguse fomula kabisa. Jifunze kuingiza taarifa vizuri, maana humo ndimo fedha za watu zinamopotelea.

Chukua mfano tunaoutumia darasani. Kikoba kina wanachama 25, kinakutana kila wiki, hisa moja ni shilingi 5,000 na mtu anaruhusiwa kununua hadi hisa 5 kwa kikao. Daftari la katibu lina majina upande wa kushoto na wiki zimepangwa kwenda kulia. Mwanafunzi mgeni hulinakili hivyo hivyo, na mwanzoni halina shida. Shida huja siku inapoingia faini ya kuchelewa, kisha riba, kisha mtu anarejesha nusu ya mkopo: hayana mahali pa kukaa, anaanza kuyabana pembeni kwa rangi nyekundu. Kwa hiyo tunawafundisha kwamba tukio moja ni mstari mmoja. Safu ya A ni tarehe, B ni jina, C ni aina (Hisa, Faini, Riba, Mkopo, Rejesho), D ni kiasi. Ukurasa huo tunauita Daftari. Ukurasa wa pili, Muhtasari, una majina yote 25 kwenye safu ya A, na pembeni ya kila jina unakaa mstari huu:

```
=SUMIFS(Daftari!D:D, Daftari!B:B, A2, Daftari!C:C, "Hisa")
```

Maana yake: jumlisha viasi vyote ambavyo jina lake ni hili na aina yake ni Hisa. Mtu anayeielewa fomula hii moja kwa undani, akajua kubadilisha "Hisa" kuwa "Faini", ameshafika mbali kuliko aliyekariri fomula arobaini.

Sasa siku ya kuvunja kikoba imefika. Mikopo yote imerejeshwa, mfuko wa jamii umetengwa pembeni. Wanachama wamenunua hisa za 9,200,000, yaani hisa 1,840. Riba na faini ni 1,656,000. Jumla ya kugawana ni 10,856,000. Ukigawa kwa 1,840, kila hisa inarudi na shilingi 5,900. Mwanaidi, mwenye hisa 96, aliweka 480,000 na anastahili 566,400.

Kwenye faili la mwanafunzi, hata hivyo, Mwanaidi anaonekana na 360,000, yaani hisa 72. Katibu alipochoka alikuwa akiandika "Mwanaid", na kompyuta ikamhesabu kuwa mtu mwingine asiyekuwemo kwenye Muhtasari. Hisa 24 zimeyeyuka. Jumla ya hisa za Muhtasari inasomeka 9,080,000, yaani hisa 1,816, thamani ya kila hisa inapanda hadi karibu 5,978, wanachama wengine 24 wanafurahi, na Mwanaidi anaondoka na 430,000 na kitu, chini hata ya akiba yake mwenyewe. Hakuna aliyeiba. Kikoba kinaweza kuvunjika kwa ugomvi juu ya herufi moja.

Kinga yake ni kulinganisha jumla mbili. Jumlisha Hisa zote za Daftari bila kuangalia majina, kisha jumlisha safu ya hisa za Muhtasari. Hapa ya kwanza ni 9,200,000 na ya pili 9,080,000. Tofauti ya 120,000 inakwambia kuna jina lisilo na mwenyewe. Wakati mwingine herufi zote ni sawa na kinachosumbua ni nafasi iliyobaki mwishoni mwa jina, ambayo jicho haliioni. Fomula ya TRIM huiondoa. Lakini bora kuzuia mapema: chagua safu ya majina, nenda Insert kisha Dropdown, weka majina 25, na kuanzia hapo jina linachaguliwa, haliandikwi.

Kosa la pili ni letu wenyewe na limejificha vizuri zaidi. Tumezoea kuandika fedha kwa mkia: 5000/=. Ukiuandika mkia huo ndani ya kisanduku, kompyuta inaona maneno, haioni namba, na inapojumlisha inakiruka kisanduku hicho bila kukuonya. Ile kinga ya jumla mbili haitakusaidia hapa, kwa kuwa jumla zote mbili zimepungua kwa kiasi kile kile. Kuna dalili ya kwa macho: namba hukaa kulia mwa kisanduku na maneno hukaa kushoto, ukiwa hujabadilisha mpangilio. Na kuna kipimo cha uhakika:

```
=COUNTA(Daftari!D2:D)-COUNT(Daftari!D2:D)
```

Ya kwanza inahesabu visanduku vyote vyenye kitu, ya pili visanduku vyenye namba tu. Jibu likiwa 0 uko salama. Likiwa 7, kuna visanduku saba vya kwenda kusafisha. Baada ya hapo linganisha na fedha taslimu na salio la benki au la simu, kwa sababu faili linaweza kukubaliana na nafsi yake na bado likakosana na sanduku.

Tarehe nazo zina mtego. Faili lililofunguliwa kwa mpangilio wa Marekani litaisoma 3/4/2025 kuwa Machi 4, na 25/3/2025 litaiacha kama maneno. Nenda File, kisha Settings, na kwenye Locale uchague United Kingdom, ambako siku hutangulia mwezi. Fanya hivyo kabla ya kuingiza mstari wa kwanza.

Mwezi wa tatu tafuta daftari la kweli. Usijitolee kuingiza mwaka mzima bure ili ujulikane. Ingiza mwezi mmoja, wapelekee mweka hazina na katibu, waonyeshe majumla na makosa uliyoyakuta, kisha mzungumzie bei ya mwaka mzima. Bei ipige kwa saa. Vikao 52 mara wanachama 25 ni mistari 1,300 ya hisa peke yake. Ukijipima na kuona unaingiza mistari 100 kwa saa, hiyo ni saa 13. Ongeza saa 5 za kukagua, zinakuwa 18. Ukiamua saa yako ni 4,000, kazi ni 72,000, na nusu uipokee unapokabidhiwa daftari. Baadaye inabaki kazi ya kila mwezi, mistari mia moja hivi na taarifa ya ukurasa mmoja, na hiyo ndiyo inayokuweka mjini: vikoba vitano vya namna hiyo vinaleta malipo matano kila mwezi, bila kupanga foleni ya vibarua vya mtandaoni. Anayekudai ada ya usajili kwanza ndipo akupe kazi ya kuingiza takwimu, achana naye.

Jua pia unapoishia. Wewe ni mtunza kumbukumbu. Kukagua hesabu na kuzitia saini ni kazi ya waliosajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na ukiombwa kufanya hivyo kataa. Majina, namba za simu na madeni ya watu yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Faili usilitume kwenye kundi la WhatsApp. Mpe mwenyekiti na mweka hazina ruhusa ya kuona, katibu ruhusa ya kuhariri, na faili lenyewe lifungue kwa barua pepe ya kikundi, ili siku ukihama au mkikosana hesabu zao zibaki mikononi mwao.

Siku ya kuvunja, nenda na Muhtasari uliochapishwa. Soma jina, hisa na kiasi kwa sauti, mmoja mmoja, kila mwanachama akiwa na kitabu chake mkononi, na kabla ya sanduku kufunguliwa.